Moja yenye mguu: kisa cha ankara ya maboksi

Kiwanda ninachofanyia kazi hapa Mwanza kinasindika minofu ya sangara, na minofu haipandi ndege bila boksi. Muuzaji wetu wa maboksi yuko Dar es Salaam. Mzigo unakuja kwa lori, karatasi zinakuja na dereva, na ankara iliyopigwa muhuri inaskaniwa na kutumwa kwa baruapepe siku ya Ijumaa. Mara ile tuliponusurika kulipa ankara iliyochezewa, tukaithibitisha kwa kuchungulia herufi zake, tulikuwa tumeagiza maboksi 12,000 kwa shilingi 2,750 kila moja. Hiyo ni 33,000,000, na VAT ya asilimia 18 ikaongeza 5,940,000. Jumla ya kulipa ilikuwa 38,940,000.

Ankara iliingia Alhamisi asubuhi, siku mbili baada ya lori kushusha. Ilikuja kama picha ya JPG ndani ya mazungumzo yaleyale ya baruapepe tuliyoanza nao tangu siku ya oda, kutoka anwani yao ileile, bila herufi hata moja iliyochezewa. Ujumbe ulikuwa mfupi na wa adabu: tafadhali tumieni ankara hii kwa malipo, akaunti yetu ya siku zote iko kwenye ukaguzi wa hesabu za mwaka, kwa sasa tunapokea kupitia hii iliyoandikwa humu, samahani kwa usumbufu.

Kijana wetu wa malipo hakuwa mzembe, na hilo naliandika kabla ya mengine kwa sababu lawama zote zilitaka kumwangukia yeye. Alifanya ukaguzi mara tatu, na mara zote tatu ankara ilipita.

Kwanza alilinganisha oda, delivari noti na ankara. Idadi ni ileile, bei ni ileile, jumla ni ileile. Kisha akachukua risiti ya EFD iliyoambatanishwa, akaingiza namba ya uhakiki kwenye ukurasa wa TRA wa verify.tra.go.tz, na risiti ikatokea na TIN ya muuzaji na kiasi kilekile. Mwisho akapiga simu namba iliyoandikwa juu ya ankara. Mwanaume akapokea kwa sauti ya mtu aliye kazini: "Ndiyo kaka, hiyo ndiyo akaunti tunayotumia kwa sasa. Mkilipa leo mtakuwa mmetusaidia sana."

Ukiziangalia hatua hizo moja moja, ni sahihi. Kasoro ni kwamba mbili za mwanzo zinajibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Oda na delivari noti zinakuambia mzigo upo, na kweli ulikuwepo, nimeuona mwenyewe umepangwa hadi darini. Risiti ya EFD inakuambia mauzo yametangazwa kwa mamlaka ya kodi, na kweli yalitangazwa. Lakini hakuna namba ya akaunti ya benki kwenye risiti hizo. Biashara ilikuwa halali kutoka mwanzo hadi mwisho. Kilichobadilishwa ni mistari minne tu chini ya ukurasa, nayo ndiyo inayoamua fedha zinakwenda wapi. Simu nitairudia.

Malipo ya kiasi kama hicho tunayapeleka kwa TISS, mfumo wa kuhamisha fedha moja kwa moja kutoka benki hadi benki. Hundi unaweza kuizuia njiani. TISS ikishapita, fedha ziko kwa mwenzio, na kuzirudisha ni kuomba, wala si kuamuru.

Aliyesimamisha ni mama mmoja anayeshika daftari la wadai, tunayemwita Bi Mkubwa. Yeye hasaini malipo yoyote bila kufungua kadi ya muuzaji, ile tuliyoijaza siku ya kwanza ya biashara kwa barua ya benki yao. Akaunti ya kwenye kadi ilikuwa na tarakimu kumi na tatu, ya kwenye ankara kumi na moja, na benki ni nyingine. "Mwanangu, hii sisaini."

Hapo mtu atauliza, kama namba hazilingani, kuna haja gani ya kuchungulia herufi? Si wangesimamisha tu? Kwenye karatasi ndiyo. Ofisini mambo hayaendi hivyo. Meneja wa manunuzi alikuwa mlangoni ndani ya robo saa, akisema muuzaji ameshaeleza kwa maandishi kwa nini akaunti imebadilika, watu hubadilisha benki kila siku, na maboksi ya wiki ijayo hayatapakiwa Dar mpaka hili lilipwe. Mkurugenzi naye alitaka sababu, siyo hisia. Kazi ya kulinganisha mpangilio na fonti ilikuwa kumtafutia Bi Mkubwa sababu ya kumwekea mkurugenzi mezani.

Alianza kwa kuvuta ankara za zamani kutoka boksi faili, na hapa kijana akakimbilia jibu lisilo sahihi. Alichukua ya mwaka uliopita, akaiweka kando ya ile mpya, akapiga kelele: nembo iko upande mwingine, mistari ya jedwali ni minene zaidi, fonti ya kichwa siyo ile! Yote kweli, na yote hayakuwa na maana. Muuzaji alibadilisha programu ya hesabu mwezi Januari, na ankara zote tatu tulizopokea na kulipa tangu hapo zina sura hiyo mpya. Ukilinganisha na karatasi ya zamani mno, utamshika mwenye mali kama mwizi. Chukua iliyo karibu zaidi kwa tarehe, iliyotoka kwenye programu ileile na ikapita njia ileile, yaani skani kwa skani.

Ile ya Februari ilifanana na hii karibu kila mahali. Nembo, jedwali, nafasi kati ya mistari, hata neno walilokosea tahajia kwenye masharti ya malipo lilikuwepo palepale. Sehemu ya benki nayo ilifanana kwa haraka haraka. Mistari ilianzia mahali pamoja na upana wa maneno ulikuwa sawa.

Hapo Bi Mkubwa aliacha karatasi ya Februari na kuanza kulinganisha ukurasa huo na wenyewe. Alikuza picha hadi asilimia 400, akatafuta tarakimu 1 popote ilipo: kwenye tarehe, kwenye TIN, kwenye namba ya ankara. Zote zilikuwa ni kijiti kilichosimama na kibendera kidogo juu, chini hakuna kitu. Kisha akashuka kwenye akaunti ya benki. Zile 1 mbili zilizomo zilikuwa na mguu, kamstari kafupi kalikolala chini yake.

Sababu yake ni hii. Programu ya muuzaji inachapa kwa Arial, na 1 ya Arial haina mguu. Kuna fonti ya bure iitwayo Liberation Sans iliyochongwa makusudi ili kila herufi yake iwe na upana uleule wa Arial. Kompyuta isiyo na Arial, hasa inayotumia Linux na LibreOffice, huiweka hiyo badala yake bila kumuuliza mtu. Kwa kuwa upana ni sawa, mstari hauwi mrefu wala mfupi, na jicho linalopita haraka halishtuki. Lakini maumbo hayakunakiliwa, na 1 ya Liberation Sans ina mguu. Kwa hiyo anayepima urefu wa mistari kwa rula atasema ankara ni safi, na anayetazama umbo la tarakimu atasema siyo. Ndiyo maana siamini sana ushauri wa kuangalia kama "fonti inafanana". Tapeli anayejua kazi atahakikisha inafanana. Tafuta tarakimu ileile sehemu mbili za ukurasa mmoja, moja kwenye jedwali na moja kwenye akaunti, uziweke pua kwa pua.

Jambo la pili lilikuwa mteremko. Karatasi inapowekwa kwenye skana mara nyingi hukaa upande kidogo. Hii ilikuwa imeinama kama nusu digrii, na kwenye upana wa sentimita 17 za jedwali hiyo ni kushuka kama milimita moja na nusu. Mistari yote ya ankara ilishuka hivyo kwenda kulia, ila ile minne ya benki. Hiyo ilikuwa imenyooka kama imepangwa kwa uzi wa fundi.

Mkurugenzi alikuwa safarini, na kijana akataka kumwonyesha. Akapiga picha kioo cha kompyuta kwa simu na kumtumia. Jibu likarudi: sioni tofauti yoyote, lipeni. Hakuwa na kosa. Picha ya kioo huja na mawimbi ya rangi, simu inaongeza ukali wa herufi kwa namna yake, na miguu ya zile 1 ikayeyuka humo. Tulilituma upya faili lenyewe kama dokumenti, likiwa na maelekezo ya mahali pa kutazama. Nusu saa ilipotea hapo, meneja wa manunuzi akitutazama kama watu waliokosa kazi.

Kilichomnyamazisha kilitoka kwa fundi wetu wa kompyuta, na kinaweza kufanywa na yeyote mwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha. Karatasi nyeupe iliyoskaniwa si nyeupe kamili. Kipimo cha weupe kinaanzia 0, ambayo ni nyeusi tii, hadi 255, ambayo ni nyeupe tupu, na karatasi ya kawaida kwenye skani ile ilikuwa inacheza kwenye 247. Macho hayatofautishi 247 na 255. Fundi alifungua `Colors`, kisha `Levels`, akasogeza pembetatu ya kushoto, ile ya weusi, mpaka 240. Maana yake ni kuiambia programu: chochote chenye 240 au pungufu kiwe cheusi, 255 ibaki nyeupe, na vya katikati vitawanyike humo. Karatasi yote ikageuka kijivu chenye madoa, kama saruji. Sehemu ya benki ikabaki mstatili mweupe pee, kingo zake zimekatwa kwa mkasi. Mtu alikuwa amefunika maandishi ya zamani kwa kiraka cheupe tupu na kuandika juu yake.

Na kiraka kingine kikajitokeza ambacho hakuna aliyekitafuta. Kilikuwa juu kulia, kidogo, urefu wa kidole, kimefunika namba ya simu.

Kijana aliketi. Yule mwanaume mwenye sauti ya kikazi hakuwa wa Dar wala wa muuzaji. Kijana alikuwa amempigia tapeli mwenyewe kumwuliza kama ni tapeli.

Kwa hiyo simu ni ushahidi pale tu namba inapotoka nje ya ankara na nje ya baruapepe iliyoileta. Bi Mkubwa alipiga ya kwenye kadi, ya dada wa hesabu wa kule, na namna alivyouliza ndiyo tunayoitumia mpaka leo. Hakumsomea akaunti. Alisema, "Dada, nina malipo yenu hapa, naomba unisomee wewe akaunti yenu taratibu niandike." Ukimsomea mtu aliyechoka namba kumi na tatu, au kumi na moja, atakuitikia ndiyo kabla hujamaliza. Yule dada akasoma tarakimu kumi na tatu, zilezile za kwenye kadi. Akauliza pia, "Lakini mama, ankara yenyewe sijawatumia bado. Si natuma kesho?"

Hapo ndipo habari yote ilipojieleza. Skana ya ofisi yao hutuma skani moja kwa moja kwenye baruapepe ya hesabu. Ankara ilipigwa muhuri na kuskaniwa siku ya kupakia lori, ikakaa kwenye kikasha ikisubiri Ijumaa. Aliyekuwa ndani ya kikasha hicho kwa nywila ya wizi aliichukua, akaweka viraka viwili, akaigeuza JPG na kututumia siku moja kabla ya mwenye mali. Fundi wao alikuta pia kanuni iliyowekwa kwenye baruapepe: kila ujumbe kutoka kwetu ulikuwa unahamishwa kwenda folda ya `RSS Feeds`, ambayo hakuna mtu ofisini aliyewahi kuifungua. Tungewaandikia kuuliza kuhusu akaunti mpya, angetujibu yeye.

Sehemu inayonichekesha mpaka leo, japo siku ile haikuchekesha, ni stoo. Nakala ya karatasi ya ankara ilikuwa imekuja na dereva siku ya Jumanne, ikabanwa kwa klipu nyuma ya delivari noti, ikakaa kwa mzee wa stoo akisubiri mtu aje aichukue. Ilikuwa hatua mia mbili kutoka mezani kwetu. Alipoulizwa akajibu, "Nyie hamjaomba ankara, mmeomba delivari."

Tulichapa ile picha kwa ukubwa kamili, tukaiweka juu ya karatasi ya stoo na kuzibandika zote kwenye kioo cha dirisha linalotazama ziwani, mchana ule jua likiwa upande wetu. Tukazizungusha kidogo mpaka mistari ya jedwali ikakaliana. Muhuri ndio uliotusadikisha. Mkono wa mtu haupigi muhuri mara mbili mahali pamoja, wino haugawanyiki sawa mara mbili, na huu ulikaliana duara kwa duara, hadi sehemu ya kushoto ambako wino ulikuwa umekosa kushika. Picha ilikuwa imetengenezwa kutoka karatasi ileile tuliyoishika. Ila chini, ambapo duara la bluu lilikuwa linaingia kwenye mstari wa jina la benki, la karatasi liliendelea na la picha likakatika wima, kwa milimita tatu hivi. Kiraka kilikuwa kimekula kipande cha muhuri. Ukiijua sehemu hiyo unaiona hata bila dirisha. Asubuhi tuliitazama watu wanne na hatukuiona.

Tulipeleka taarifa polisi pamoja na faili halisi, siyo picha ya kioo, na benki ya ile akaunti ikajulishwa siku hiyohiyo. Kughushi taarifa kwa kompyuta ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na sisi hatukupoteza senti. Mengine yako kwao.

Sasa mipaka ya mbinu hii, kwa sababu nimeona watu wakiipenda kupita kiasi. Tapeli huyu alikamatika kwa kuwa alikuwa na picha ya skani na akalazimika kuandika juu yake. Angekuwa na faili la PDF lililotoka moja kwa moja kwenye programu, angeweza kubadilisha maandishi kwa Arial yenyewe, juu ya weupe wa 255 kila mahali, bila mteremko wala muhuri. Fundi wetu kwa PDF hukimbiza amri mbili:

```
pdfinfo ankara.pdf
pdffonts ankara.pdf
```

Ya kwanza inaonyesha programu iliyotengeneza faili na tarehe ya kurekebishwa. Ya pili inaorodhesha fonti zilizomo, na fonti ya ziada isiyokuwepo kwenye ankara za nyuma inatia shaka. Lakini tarehe hizo zinaweza kuandikwa upya, na ukichapa na kuskani tena zote zinapotea. Na kama mwizi ameketi ndani ya ofisi ya muuzaji, akabadilisha akaunti kwenye programu yenyewe, ankara itatoka safi kabisa: fonti moja, jedwali moja, muhuri mbichi. Hakuna dirisha litakalomwonyesha. Ankara iliyopita mtihani wa herufi bado inasubiri simu ya kadi, na sisi tuliandika hivyo kwenye utaratibu wetu kwa sentensi moja: akaunti mpya hailipwi kwa sababu ya sura ya ankara, hata ikiwa nzuri namna gani.

Miezi miwili baadaye kijana alisimamisha ankara ya dizeli. Fonti yote ilikuwa mpya, herufi l zina mkia chini ambao hazikuwa nao kabla. Akaikuza, akapitisha `Levels`, akaenda dirishani. Mwenye dizeli, wa hapahapa Nyakato, akapiga simu kwa hasira. Ikaonekana wamenunua kompyuta mpya, na Microsoft sasa imeifanya Aptos kuwa fonti ya kuanzia badala ya Calibri. Mkia wa l ni wa Aptos. Badiliko lilikuwa sawasawa kutoka juu ya ukurasa hadi chini, na akaunti ni ileile ya kwenye kadi.

Bi Mkubwa akamwuliza kijana alianzia wapi. Akasema kwenye herufi. "Anzia kwenye kadi," akamwambia, akasaini, na ankara ikalipwa mchana huo.